Nyota zetu zinapokeana, mbona hasemi nami?

SWALI

Asalaam alaikum Bi Mkubwa, shikamoo. Mimi ni msichana wa Wete, nasomesha skuli ya maandalizi. Nina mchumba Unguja, fundi wa friji. Posa imekubaliwa na ndoa tunaitaraji baada ya Mfungo Tatu. Kijana mmoja anayesoma nyota kwa programu ya simu alitutazamia. Akasema Mwezi wangu upo Jauza na Utaridi ya mchumba wangu ipo Saratani, kwa hiyo nyota zetu zinapokeana na tutasaidiana bila ya kufundishwa, hasa kwa mazungumzo. Nilifurahi. Lakini Bi Mkubwa, mtu huyu hasemi! Mwezi uliopita mama alilazwa. Nilimpigia simu nalia, akanijibu "haya, nimesikia", akakata. Kesho yake kashuka Mkoani na boti, kaja na chupa ya chai, shuka mbili na feni ndogo, akakaa hospitali mpaka usiku, na maneno aliyoniambia yanahesabika. Nikimuuliza tutakaa wapi tukioana, maana mama yake anataka tukae kwake, ananyamaza, na mimi nanuna. Shangazi naye kenda kuhesabiwa majina yetu, kaambiwa mimi nyota ya moto, yeye ya maji, hatuwezani. Nimsadiki nani?

Mama anasema nimezaliwa usiku wa Ijumaa, saa nne na nusu, watu wakifunga sita. Kadi ya kliniki imeandikwa 13/2/1997, lakini yule kijana akaweka tarehe 14 ili iwe Ijumaa. Mchumba wangu ni 8 Juni 1994, saa haijulikani.

Binti wa Wete

JIBU

Waalaikum salaam mwanangu, marahaba. Mama namwombea afya.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo hesabu nzima ilipopinda. Mama yako na kadi ya kliniki wanasema kitu kimoja. Kwa wazee wetu siku huanza jua likitua, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, Alhamisi kuamkia Ijumaa. Na tarehe 13 Februari 1997 ilikuwa Alhamisi. Hakuna aliyekosea ila huyo aliyeisahihisha kadi. Kufunga sita nako kunakubali, kwani mwaka ule Idi Ndogo ilikuwa imepita siku chache tu.

Utasema siku moja ina nini. Kwa Jua au Mshtarii haina kitu kikubwa, lakini Mwezi hukimbia digrii kama 13 kwa siku, nusu digrii na ushei kila saa, na buruji nzima, yaani moja ya sehemu kumi na mbili za njia ya nyota, ina digrii 30 tu. Usiku ule wa Alhamisi, saa nne na nusu, Mwezi ulikuwa kwenye digrii ya 18 hivi ya Thauri. Usiku wa pili yake, saa ile ile, ulikuwa umekwisha kuvuka na kuingia mwanzoni mwa Jauza. Kijana wako alikusomea Mwezi wa mtoto mwingine aliyezaliwa siku moja baada yako.

Kuna na kosa la pili linalotupata sisi zaidi kuliko watu wa nchi nyingine, nalo ni la saa. Saa nne na nusu ya usiku kwenye programu huandikwa 22:30. Nimeona watu wakiandika 04:30 kwa kufuata mdomo, na wengine 10:30 wakasahau kuwa hiyo ni asubuhi. Kwako wewe kosa hilo, la saa 18 au 12, lingerudisha Mwezi nyuma digrii kama kumi au saba na ungebaki Thauri. Aliyezaliwa Mwezi ukiwa kwenye digrii ya 2 angejikuta kahamishwa buruji.

Sasa huko kupokeana. Kila buruji ina mwenyewe. Thauri na Mizani ni za Zuhura, Jauza na Sumbula ni za Utaridi, Saratani ni ya Mwezi, na nyinginezo zina wenyewe pia. Sayari ikiwa katika buruji isiyo yake, ni kama mgeni aliyelala kwa mtu: anakula anachopikiwa na anatoka kwa ruhusa. Wageni wawili wakiwa kila mmoja yupo kwa mwenzake, ndipo tunasema wanapokeana, na kila mmoja ana sababu ya kumtendea mwenzake wema kwa kuwa yeye mwenyewe yupo chini ya dari ya yule. Katika ramani za wachumba, yaani michoro ya mbingu ya wakati kila mmoja alipozaliwa, tunaangalia kama sayari yako ipo kwenye buruji ya sayari yake, na hiyo yake ipo kwenye buruji ya yako.

Kwa tarehe ile ya makosa, kupokeana kulikuwapo kwa jina. Mwezi upo Jauza kwa Utaridi, Utaridi ipo Saratani kwa Mwezi. Lakini hata kama tarehe ingekuwa sahihi, mimi nisingekupa hukumu aliyokupa. Jauza na Saratani ni buruji zinazofuatana, na buruji zinazofuatana hazionani. Zinazoonana ni zile zilizoachana kwa digrii 60, 90, 120 au zinazokabiliana kwa 180. Zilizoachana kwa 30 au 150 zimepeana kisogo. Wanajimu wa Baghdad wa karne ya 8 na ya 9, kina Mashaallah na Abu Maashar, walipoeleza kupokeana walitaka sayari ziwe zimefungamana kwa kuonana, si kukaa tu katika buruji za wenzao. Wale walikuwa wakisoma ramani moja ya mtu mmoja au ya swali moja. Sisi tunaichukua kanuni yao tukaipeleka kwenye ramani mbili, na tukishaivusha hivyo naona tuishike kwa ukali zaidi. Programu ya simu haina ukali huo. Ikiona jina hapa na jina pale, inakuandikia mmepokeana.

Tuitazame ramani yako ya kweli. Mwezi wako upo Thauri, buruji ya Zuhura. Na Zuhura ya mchumba wako, siku ile ya tarehe 8 Juni 1994, ilikuwa kwenye digrii ya 21 ya Saratani, buruji ya Mwezi. Umeona? Yeye ana sayari mbili Saratani, Utaridi na Zuhura. Tarehe ilipokosewa ikafunga fundo na ile moja, ikirekebishwa inalifunga na ile ya pili. Na safari hii zinaonana: kutoka digrii ya 18 ya Thauri mpaka ya 21 ya Saratani ni digrii 63, tatu tu zaidi ya 60 kamili. Hili ni fundo la kweli, nalihesabu bila ya wasiwasi. Wala saa yake ya kuzaliwa haituzuii hapa, maana Zuhura huenda digrii moja na kidogo kwa siku. Awe kazaliwa alfajiri au usiku, Zuhura yake haitoki Saratani.

Ila aina ya msaada imebadilika, na hapa ndipo penye jawabu lako. Mwezi na Utaridi wakipokeana, mtu huliwazwa kwa maneno: simu ndefu, maelezo, kuulizwa "umefikiria nini". Mwezi na Zuhura wakipokeana, hakuna anayeeleza. Mwezi ndio moyo wako unavyotulia, na wako upo Thauri, pahala penye sharafu yake, yaani heshima yake ya juu, pahala unapotulia kwa vitu vinavyoshikika: chakula, kitanda, mtu aliyekaa karibu. Zuhura ndiyo namna mtu anavyopenda, na yake ipo Saratani, inapenda kwa kuuguza, kwa kulisha, kwa kuja. Kwa hiyo chupa ya chai, shuka mbili na feni usivihesabu kama mizigo aliyobeba kwa sababu hakuwa na la kusema. Soma vizuri alichochagua. Hakuleta maua wala manukato. Aliwaza wodi ina joto, akaleta feni. Aliwaza mtakesha, akaleta chai. Mtu aliyejibu "haya, nimesikia" alikuwa keshaanza kufungasha.

Na tazama upande wa pili, maana kupokeana ni kwa njia mbili. Mwezi ukiwa Thauri una nguvu kuliko Zuhura iliyopo Saratani. Wako umekaa pahala pa heshima, yake imekaa ugenini tu. Maana yake katika nyumba ni kwamba hali yako ya moyo ndiyo itakayokuwa hewa anayoivuta yeye. Wewe ukinuna, mapenzi yake yanakosa pa kukaa, na anarudi nyuma bila ya kusema kwa nini. Watu wengi hufikiri kupokeana ni kugawana sawa kwa sawa. Si hivyo. Mwenye sayari yenye nguvu ndiye anayebeba zaidi, na hapa ni wewe.

Sasa huo ukimya wenyewe. Kupokeana kwa Mwezi na Zuhura hakuugusi, kwani mazungumzo ni kazi ya Utaridi. Utaridi yako ipo kwenye digrii ya 7 hivi ya Dalu, jirani kabisa na Mshtarii. Huyu ni mtu anayefikiri kwa kusema, na akisema husema yote. Utaridi yake ipo kwenye digrii ya 8 hivi ya Saratani, na siku nne tu baada ya yeye kuzaliwa ilisimama na kuanza kurudi nyuma, kwa hiyo ilikuwa inakwenda polepole sana. Huyu husema baada ya jambo kupita. Baina ya Dalu na Saratani kuna digrii 150. Utaridi zenu zimepeana kisogo na hakuna iliyopo katika buruji ya mwenzake. Hapo hakuna fundo, na nisikufumbie: hamtasaidiana kwa maneno bila ya kufundishwa. Mtafundishana, tena kwa taabu.

Lipo na jambo la tatu, ambalo yule kijana hakulitaja ingawa kwa wachumba lina uzito: sayari zenu kuwa chini ya mwenye mmoja. Mirihi ndiyo hasira na ubishi. Yake ipo kwenye digrii ya 11 hivi ya Thauri, yako kwenye ya 5 ya Mizani. Thauri na Mizani nazo zimeachana kwa digrii 150, hazionani, na kwa kawaida ningesema mnagombana kila mmoja kwa lugha yake. Lakini zote mbili ni za Zuhura. Buruji za namna hii tangu zamani huhesabiwa kuwa na undugu wa chini kwa chini, kwa kuwa amri inatoka kwa mkubwa mmoja. Kwa hiyo hasira zenu zinafanana, na kinachozituliza kinafanana: upole, mguso, chakula pamoja, sauti kushuka. Mmoja akishuka, mwengine naye hushuka.

Usishangilie haraka lakini. Thauri na Mizani ndizo buruji zinazokabiliana na zile za Mirihi mwenyewe, kwa hiyo Mirihi ndani yake ni dhaifu, na zenu zimeshirikiana udhaifu uleule. Mirihi kwa Zuhura haipigi kelele, hununa. Umeandika mwenyewe kwamba yeye hunyamaza na wewe unanuna, na kwangu hilo lilinitosha kuthibitisha ramani kabla sijaimaliza. Tena Mirihi yako wakati unazaliwa ilikuwa inarudi nyuma, hivyo hasira yako huchelewa: jambo la Jumatatu hulisema Ijumaa. Wawili wanaonuna kwa mtindo mmoja huweza kukaa wiki nzima katika nyumba yenye amani ya uongo, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Mwenye mmoja huleta mshikamano, hilo sikatai, lakini hushikamanisha na kasoro pia.

Ongeza na hili: Mirihi yake ya Thauri na Zuhura yako ya digrii 13 ya Dalu zimeachana digrii 88, pembe ya mvutano, na hazipokeani. Utaiona hasa unapotaka nafasi yako na yeye anataka mambo yabaki yalivyo. Na hapo ndipo linapoangukia swali la wapi mtakaa.

Swali hilo nyota hazikujibii, na kupokeana ndiko kusikokujibia kabisa. Kupokeana huonyesha nia njema baina ya watu wawili. Hakusemi mama mkwe atawaachia chumba gani, wala kodi ya Unguja mtailipaje, wala mtu mwenye nia njema atathubutu kumwambia mama yake hapana. Hatari yake ndogo ndogo ni hii, kwamba mtu akishaambiwa "mtasaidiana bila ya kufundishwa" huacha kuuliza. Wewe bado hujaacha. Usiache.

Ila badilisha njia. Usimuulize kwa simu, maana simu ni Utaridi tupu na hapo hamna fundo. Msubiri aje Pemba, au nenda Unguja na mtu wa kwenu, na mzungumze mkiwa mmeshakula, mmekaa, hakuna anayekimbilia boti. Swali lisiwe "kwa nini hunijibu?" Liwe la kitu kinachoonekana: "Twende tukakitazame hicho chumba cha kwa mama. Mlango wake unafungwa wapi? Jiko ni moja au mawili?" Zuhura ya Saratani hujibu kwa chumba, jiko na kitanda kwa wepesi ambao hairudishi kwa maneno matupu. Mpe na muda wa kujibu, siku mbili tatu, kwa sababu ya ile Utaridi yake ya polepole, lakini muda wenye mwisho. Ukipita, jambo lipande kwa wazee. Mshenga wako yupo kwa kazi hiyo hiyo, na makubaliano ya pa kukaa yapatikane kabla ya siku ya kufunga ndoa. Akinyamaza hata baada ya kuona chumba na kusikia wazee, basi hapo tatizo si Utaridi tena, na mimi sitalifunika kwa nyota.

Shangazi yako usimvunjie heshima. Hesabu aliyofanyiwa ni nyengine kabisa: huchukuliwa herufi za jina lako na la mama yako kwa thamani za abjadi, zikajumlishwa, zikagawiwa kwa 12, na baki ndiyo nyota yako. Haitazami mbingu za siku uliyozaliwa. Inatoa nyota moja kwa kila mtu, haina Zuhura wala Mirihi ndani yake, kwa hiyo haiwezi kuona kupokeana hata kama kupo, wala kukukanusha. Mwambie tu kwamba wewe umesomewa kwa tarehe, yeye kwa majina, na hizo hesabu mbili hazigombani kwa sababu hazizungumzii kitu kimoja. Na kama nyumbani kwenu wapo wasioitaka elimu hii kwa sababu ya dini, usiwatilie jambo hili mezani. Mimi mwenyewe sijawahi kumwambia mtu aoe au aache kwa ramani peke yake. Ni usomaji wa kimapokeo, haukupimwa ukathibitika kama dawa inavyopimwa, na Mungu ndiye ajuaye.

Kilichobaki ni saa yake ya kuzaliwa. Bila ya hiyo siwezi kujua buruji iliyokuwa ikichomoza, wala kama wenye buruji zenu za kuchomoza ni mmoja au wanapokeana, na kwa maisha ya nyumba moja hilo lina uzito wake. Mwombe amuulize mama yake. Atakachosema kiandikwe kama alivyokisema, "alfajiri baada ya adhana" au "usiku wa Jumatano baada ya isha", na mtu yeyote asikigeuze kuwa tarakimu kabla hakijanifikia. Tarehe 8 Juni 1994 ilikuwa Jumatano, kwa hiyo mama akitaja usiku wa Jumatano, tarehe itarudi kuwa 7. Zuhura yake itarudi digrii moja tu na fundo lenu litabaki, lakini Mwezi wake utarudi mwishoni mwa Thauri, kwenye buruji ile ile ya Mwezi wako, na nitakuwa na mengine ya kukuandikia.